Michirizi na alama nyeusi baada ya kukamua ndimu juani: maswali na majibu

Shikamoo daktari. Jumamosi tulikuwa ufukweni Kigamboni, nikakamua ndimu kwenye samaki na mihogo. Jumatatu mkono wangu wa kulia ukaanza kuwaka na kutoa malengelenge ya michirizi. Mgongoni kwa mwanangu wa miaka 4 zikatokea alama kama vidole, sasa zimekuwa nyeusi. Hatukumwagikiwa maji ya moto. Ni nini hiki?

Marahaba mama, poleni sana wewe na mtoto. Kwa jinsi ulivyoeleza, hii ni ngozi iliyoungua kwa ndimu na jua vikiwa pamoja. Kitaalamu inaitwa fitofotodamataitisi. Ndimu peke yake isingekuunguza hivyo, na jua peke yake lisingechora michirizi.

Ndani ya ndimu, hasa kwenye mafuta ya ganda, kuna kemikali ziitwazo furanokumarini. Maji ya ndimu yanazo pia, lakini ganda linazo nyingi zaidi, na anayekamua kwa mkono hulibana ganda mpaka mafuta yake yanamrukia. Kemikali hizi huingia kwenye tabaka la juu la ngozi na kukaa kimya, bila kuwasha wala kuuma. Ngozi ikipigwa na miale ya jua ya urujuanimno aina ya A, zinaamka. Hujishikiza kwenye vinasaba vya seli na kuharibu kuta zake, seli zinakufa, maji yanajikusanya chini yake, na hilo ndilo lengelenge. Kipindi cha hatari zaidi ni kati ya nusu saa na saa 2 tangu ndimu iguse ngozi. Jasho na maji ya bahari huongeza makali, kwa sababu ngozi iliyolowa hupokea kemikali hizo kwa urahisi.

Sasa tazama Jumamosi yenu. Ulikamua mchana, mkono wa kulia. Maji yalitiririka kutoka kwenye vidole kwenda kwenye kifundo, ndiyo maana malengelenge yamefuata njia ile ile. Bila shaka kiganja chenyewe kimesalimika au kimeumia kidogo tu, kwa kuwa ngozi ya kiganja ni nene, na kilichopata jua zaidi ni mgongo wa mkono. Kisha ukamshika mtoto aliyetoka majini, mgongo wazi, umelowa, naye akarudi kucheza juani. Vidole vyako vilimwachia kemikali ambayo hamkuiona.

Siku zilizopita katikati nazo zinaniongoza. Moto wa maji huuma papo hapo. Huu huchelewa: wekundu na kuwaka huanza baada ya kama saa 24, na malengelenge hufikia kilele kati ya siku ya 2 na ya 3. Wiki moja hadi mbili baadaye hubaki rangi ya kahawia iliyokoza au nyeusi. Kwa ngozi zetu wekundu unaweza usionekane kabisa, na mtu akaona weusi tu, bila kukumbuka ndimu aliyoikamua wiki iliyopita.

Mwalimu wa chekechea ameona zile alama za vidole akaniuliza kama mtoto anapigwa. Jirani naye anasema vivyo hivyo. Naona aibu, sijui nieleze vipi.

Nakuomba usimkasirikie mwalimu. Alama za vidole mgongoni kwa mtoto zinatakiwa kuulizwa, na mtu anayeuliza anamlinda mtoto wako. Ni kweli pia kwamba alama za ndimu zimewahi kudhaniwa kuwa za kipigo, hata na madaktari. Kwa hiyo mpeleke mtoto kituo cha afya akaonekane, na umweleze mhudumu habari nzima: siku, saa, ndimu, jua, nani alimshika wapi. Mwonyeshe na mkono wako. Mama na mtoto kuwa na alama za umri mmoja, baada ya siku moja ya ufukweni, ni ushahidi mzito kuliko maneno.

Mhudumu ataangalia mambo haya. Damu iliyovilia chini ya ngozi kwa kipigo huuma ikibonyezwa, inaweza kuvimba, hubadilika rangi siku hadi siku, na mara nyingi hufifia ndani ya wiki 2. Haitoi malengelenge. Alama ya ndimu huanza kwa kuwaka au malengelenge, kisha inakuwa bapa, rangi moja, haiumi ukibonyeza, na baada ya wiki 2 bado iko pale pale. Pia hukaa kwenye ngozi iliyokuwa wazi juani tu: mahali palipofunikwa na kaptula hubaki safi hata kama ulipashika.

Kabla hamjaondoka, mwombe mhudumu akuandikie maelezo mafupi umpelekee mwalimu.

Nimpake nini? Jirani anasema nisugue na ndimu ili weusi utoke, mwingine ananiambia kuna krimu dukani inang'arisha haraka.

Ndimu usirudie kabisa. Watu wengi huisugua kwenye madoa wakiamini inang'arisha, wakitoka nje jua linaamsha kemikali zile zile, na doa linazidi. Nimekuwa nikiwasihi watu jambo hili kwa sababu anayejitibu hivyo huona weusi unaongezeka na anaongeza ndimu.

Malengelenge yakiwa mabichi, weka kitambaa safi kilicholowekwa maji ya baridi kwa dakika 10 hadi 15, mara kadhaa kwa siku. Usiyatumbue, ile ngozi ya juu ndiyo bandeji bora. Likipasuka lenyewe, osha kwa maji safi na sabuni laini, paka mafuta mazito ya mgando, funika kwa bandeji isiyogandia kidonda. Dawa ya meno na majivu visikaribie. Kwa maumivu, parasetamoli inatosha: mtoto hupewa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wake, kila baada ya saa 6, si zaidi ya mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 16, kwa mfano, anapata miligramu 160 hadi 240 kwa mara moja. Soma nguvu ya dawa kwenye chupa kabla ya kupima.

Pale palipovimba na kuwaka bila kidonda wazi, haidrokotisoni ya asilimia 1 inaweza kupunguza ukali kwa siku chache, kwa ushauri wa mfamasia. Kuwa mwangalifu na zile krimu za mchanganyiko zinazouzwa kirahisi madukani, zenye dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi kali ndani ya tyubu moja. Hapa hakuna fangasi, na steroidi kali ikitumika muda mrefu hukondesha ngozi ya mtoto.

Weusi unaobaki si kovu na si uchafu. Rangi ya ngozi imeanguka kutoka tabaka la juu kwenda la chini, na mwili unaiondoa polepole kwa wiki kadhaa hadi miezi, wakati mwingine zaidi kwa wenye ngozi nyeusi. Mkorogo wenye zebaki au haidrokwinoni haufupishi safari hiyo kwa usalama, na kwa mtoto ni hatari. Kinachosaidia ni kulikinga doa na jua: fulana, mikono mirefu, au losheni ya kukinga jua iliyoandikwa kwamba inazuia UVA, yaani ile miale ya aina ya A.

Nenda hospitali bila kusubiri ikiwa malengelenge ni makubwa au yameenea, yako usoni au karibu na macho, kuna usaha, homa, au wekundu unaotambaa.

Malengelenge ya mstari nayajua kwa mkanda wa jeshi. Na kuna yule mdudu mdogo mweusi na rangi ya chungwa anayeunguza. Nitatofautishaje?

Mkanda wa jeshi hufuata mshipa mmoja wa fahamu, upande mmoja wa mwili, na mara nyingi maumivu hutangulia vipele kwa siku kadhaa. Hutokea hata penye nguo. Huo unahitaji daktari mapema, kwani dawa yake hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee. Mdudu naye huunguza akipondwa juu ya ngozi, mara nyingi usiku karibu na taa, na hahitaji jua. Utomvu wa embe na mafuta ya ganda la korosho vinaumiza pia hata gizani.

Kaka daktari, mimi nauza juisi ya miwa Kariakoo, ndimu nakamua kutwa. Ngozi yangu nyeusi, si ina kinga? Na nina mwavuli.

Weusi wa ngozi unapunguza makali ya jua, ila hauzuii tatizo hili. Nawe, ndugu yangu, unagusa ndimu nyingi kwa saa nyingi. Mwavuli ni mzuri, endelea nao, lakini miale hurudishwa na ukuta na bati na kukufikia kutoka pembeni. Wingu halikukingi vya kutosha, na kioo cha daladala hupitisha miale hiyo ya aina ya A.

Kinachofanya kazi kwako ni kutumia kikamulio badala ya vidole, ili ganda lisikubanike mkononi. Weka dumu la maji lenye bomba na kipande cha sabuni pembeni ya mashine. Kila ukimaliza kukamua, nawa hadi juu ya vifundo na chini ya kucha kabla hujatoka kivulini. Maji matupu hayaondoi mafuta ya ganda, na kufuta kwa kitambaa kunayasambaza tu. Glavu zinasaidia mradi uzibadilishe zikilowa ndani. Vaa mikono mirefu myepesi. Limau litendee kama ndimu. Machungwa matamu yana kemikali hizi kidogo sana.

Nina vitiligo. Nimesikia kemikali hizi ndizo zinazotibu mabaka meupe. Nipake ganda la ndimu nikae juani?

Ulichosikia kina ukweli. Miaka ya 1940 daktari El Mofty wa Misri alitibu vitiligo kwa kemikali za jamii hii, zilizotolewa kwenye mmea unaoota bonde la Naili, pamoja na jua. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa tiba ya hospitali ambayo mgonjwa hupewa dawa iliyopimwa na mwanga uliopimwa, kwa kuanza na kiasi kidogo sana. Leo sehemu nyingi hutumia taa za aina nyingine zisizohitaji dawa hiyo.

Ganda la ndimu halina kipimo. Moja lina kemikali nyingi, jingine kidogo, na jua la Dar es Salaam saa 6 mchana si la saa 10. Baka jeupe halina rangi ya kulikinga, litaungua kabla ya ngozi iliyolizunguka. Zaidi ya hapo, kwa wenye vitiligo ngozi ikiumia, baka jipya linaweza kutokea pale pale palipoumia.