Mkono ulio juu ya kiti: mazoezi ya mizania kwa wazee

Wazee wengi wanaokuja kwenye chumba changu cha fiziotherapia kwa sababu ya kuanguka tayari wanafanya mazoezi. Wamepewa karatasi yenye michoro, wanasimama nyuma ya kiti kila asubuhi, wanainua mguu huu na ule, na bado wanayumba wakigeuka. Nikiwaomba wanionyeshe wanavyofanya, kwa kawaida jibu liko mikononi mwao. Wamekishika kiti kwa nguvu zote, mabega yamepanda juu, na sehemu kubwa ya kazi ya kumzuia mtu asianguke inafanywa na mikono. Miguu imepumzishwa. Zoezi la namna hiyo huimarisha mikono, lakini mtu akianguka bafuni au jikoni hana kiti cha kushika.

Kwa hiyo ninapofundisha mazoezi haya, ninaanza na mkono kabla ya mguu. Kiti kinaturuhusu kuupa mwili msaada kidogo kidogo na kuupunguza hatua kwa hatua. Hatua ya kwanza ni viganja vyote viwili juu ya mgongo wa kiti. Ya pili ni kiganja kimoja. Ya tatu ni ncha za vidole tu, kisha ncha ya kidole kimoja cha shahada. Mwisho mkono unabaki hewani, sentimita mbili tatu juu ya kiti, tayari kushuka ukihitajika.

Hatua ya kidole kimoja huwashangaza watu. Kugusa kwa wepesi hivyo hakuwezi kubeba uzito wa mtu, lakini kunapunguza kuyumba kwa kiasi kikubwa. Ili tusimame wima, ubongo hukusanya habari kutoka machoni, kutoka sikio la ndani, na kutoka nyayo na viungo vya miguu. Ngozi ya ncha ya kidole ikigusa kitu kisichotikisika, ubongo unapata mahali pa nne pa kujua mwili umeelekea wapi, nao unairekebisha misuli ya miguu mapema. Yaani kidole kinatoa habari, na miguu ndiyo inayofanya kazi. Hapo ndipo ninapotaka mgonjwa akae kwa muda mrefu.

Kiti chenyewe kinahitaji kuchaguliwa. Kile cha plastiki chepesi tulichonacho wengi barazani hakifai, kwa sababu mtu akikiegemea upande mmoja kinateleza au kinapinduka pamoja naye. Kiti cha mbao cha mezani, kizito, chenye miguu minne iliyotulia na mgongo unaofika karibu na kiuno, ndicho kizuri. Mgongo wa kiti uelekee kwa mzee, na upande wa mbele ugusane na ukuta ili kisisogee. Sakafu iwe kavu, mkeka uondolewe, na khanga au kikoi kisiburuzike miguuni. Kandambili zivuliwe. Viatu bapa vinavyofunika kisigino ni bora, hasa kwa mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimepungua hisia.

Kabla ya kuchagua zoezi, ninapima mtu anaweza kusimama vipi bila kushika, mimi nikiwa karibu kabisa naye. Kuna mikao minne, kila mmoja sekunde 10. Kwanza miguu imebanwa pamoja. Kisha mguu mmoja unasogea mbele kidogo, upande wa ndani wa unyayo ukigusa kidole gumba cha mwenzake. Wa tatu ni mstari mmoja, kisigino cha mguu wa mbele kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Wa nne ni mguu mmoja. Mzee asiyeweza kukaa sekunde 10 kwenye mstari mmoja yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuanguka. Mkao unaomshinda ndio tunaouanzia, tena kwa msaada wa kiti.

Nieleze kwa mgonjwa mmoja. Ni mwalimu mstaafu wa miaka 74, anatumia dawa ya presha, na alikuwa ameanguka mara mbili ndani ya mwaka. Mara zote mbili alikuwa akigeuka, moja akitoka kwenye karo la vyombo na nyingine kwenye kizingiti cha bafu usiku. Alianguka kiubavu. Hilo lilinitia wasiwasi, kwa sababu anguko la upande ndilo linalovunja nyonga kwa urahisi zaidi. Kwenye vipimo, mikao miwili ya kwanza aliimudu. Mstari mmoja alikaa sekunde 4, na mguu mmoja hakuweza kabisa. Nilimwomba pia ainuke na kukaa kitini kwa sekunde 30, mikono imekunjwa kifuani. Alifanya mara 7. Kwa mwanamke wa umri wake, chini ya mara 10 ni dalili kwamba miguu imedhoofika.

Tulichagua mambo matatu tu. La kwanza ni kuinuka na kukaa, mara 8 hadi 10, akipumzika katikati akihitaji. Miguu irudishwe nyuma kidogo chini ya kiti, pua isogee mbele kupita vidole vya miguu, ndipo ainuke. Kushuka kuwe taratibu, kwa hesabu ya tatu, kwa kuwa kujitupa kitini hakufundishi mapaja kitu. La pili ni kuinua mguu kando, mara 10 kila upande, kwa misuli ya nyonga inayomzuia mtu asidondoke kiubavu. Hapa kosa ni moja na linaonekana wazi: kiwiliwili kinalala upande wa pili ili mguu upande juu. Nilimwambia, “Mwalimu, mguu upande nusu ya hapo, lakini bega lisisogee.” Mguu ulipanda sentimita chache tu, na dakika moja baadaye aliishika nyonga ya mguu aliosimamia akasema hapo ndipo panapowaka. Ndipo panapotakiwa.

La tatu, tulilolipa muda mwingi kuliko yote, ni kusimama mstari mmoja. Alianza na kiganja kimoja juu ya kiti kilichokuwa ubavuni, macho mbele kwenye alama ya ukutani. Wanaotazama miguu huinamisha kichwa, na uzito unakwenda mbele pamoja nacho. Nilimtaka ahesabu kwa sauti hadi 10, kwa sababu watu wengi hubana pumzi bila kujijua, na anayehesabu hawezi kubana.

Kanuni tuliyokubaliana ni kwamba akikaa sekunde 10 mara tatu mfululizo bila kukikamata kiti, siku inayofuata anashuka hatua moja ya mkono. Mkono ukibadilika, miguu inabaki palepale. Miguu ikibadilika, mkono unarudi nyuma hatua moja. Mambo mawili yakiongezwa siku moja, huwezi kujua ni lipi lililomshinda.

Utajuaje kwamba kiwango ni sahihi? Tazama sehemu ya mbele ya kifundo cha mguu. Zoezi likiwa na ugumu unaofaa, kano za pale zinacheza-cheza chini ya ngozi muda wote, kwa sababu mwili unajirekebisha. Kifundo kikiwa kimetulia tuli, zoezi ni rahisi mno na mkono upunguzwe. Mkono ukirukia kiti mara kwa mara katika sekunde zile 10, au vidole vikibana mpaka vifundo vyake vikakakamaa, ni gumu mno. Kuyumba kidogo kunatakiwa, na hili ndilo ninalolazimika kuwaeleza zaidi mabinti na wajukuu wanaosimamia mazoezi nyumbani. Wanamwona bibi anatikisika, wanamshika kiuno. Kwa upendo wao wanamnyang'anya zoezi. Msaidizi asimame kando na nyuma kidogo, mikono wazi karibu na nyonga za mzee, bila kumgusa.

Ratiba yake ilikuwa siku tatu kwa wiki, nusu saa kila siku, na kutembea siku nyingine mbili. Mpangilio huo unafuata programu iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, katika miaka ya 1990, ambayo leo inatumika nchi nyingi. Ukichanganya tafiti nyingi zilizofanyika kwa wazee wanaoishi majumbani, mazoezi ya aina hii hupunguza maanguko kwa karibu robo. Matokeo hayaji kwa wiki mbili, na mazoezi yakiachwa faida inaondoka.

Alipofika mkono hewani, tuliongeza kugeuza kichwa kulia na kushoto polepole, kwa kuwa alikuwa akianguka anapogeuka. Baadaye alibeba kikombe chenye maji nusu, kisha akahesabu kurudi nyuma kutoka 50 kwa tatu tatu huku amesimama. Kila kilipoongezwa kitu, kidole kilirudi kitini kwanza. Pia alijifunza kutembea kiubavu kando ya meza ndefu, hatua 10 kwenda na 10 kurudi. Kufumba macho sikumpa, na sishauri mtu ajaribu nyumbani peke yake, hasa mwenye ganzi nyayoni, kwa sababu ukimwondolea macho unamwachia kidogo sana cha kutegemea.

Kuna wanaopaswa kuonana na daktari kabla ya kushika kiti. Mzee anayeona giza akiinuka apimwe presha amelala, kisha amesimama, dakika ya kwanza na ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, tatizo liko kwenye presha, na huenda dawa zikahitaji kurekebishwa na daktari. Mzee asiziache mwenyewe. Anayezungukwa na chumba kwa sekunde kadhaa kila anapogeuka kitandani huenda ana tatizo la sikio la ndani lenye tiba yake maalumu. Aliyeanguka baada ya kupoteza fahamu, mwenye maumivu ya kifua, au aliyepata udhaifu wa ghafla wa upande mmoja asisubiri mazoezi, aende hospitali. Dawa za usingizi nazo huulizwa, maana huwayumbisha wazee wengi usiku.

Presha ya mwalimu wetu haikushuka aliposimama, ndiyo maana tuliendelea. Baada ya wiki 12 alikaa mstari mmoja sekunde 10 bila kushika, na kuinuka kitini kulifika mara 11. Fundi alimwekea chuma cha kushikia bafuni, kwa sababu kizingiti kile kingeweza kumwangusha hata mtu mwenye mizania nzuri. Mguu mmoja bado anasimama kwa msaada wa ncha ya kidole cha mkono juu ya kiti, sekunde 6 upande wa kulia na 4 upande wa kushoto, na huko kushoto ndiko tunakofanyia kazi sasa.