Mapitio ya kazi tangulizi: kwa mada au kwa mwandishi?

Sura ya mapitio ya kazi tangulizi ikipangwa kwa mwandishi, kila aya huanza na jina: fulani alichunguza hiki, akatumia mbinu hii, akapata hivi. Ikipangwa kwa mada, aya huanza na hoja, na waandishi huitwa kuiunga mkono au kuipinga.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtafiti anachunguza kama maoni ya mwalimu kwenye insha humsaidia mwanafunzi, na ana kazi tatu mkononi. A aliwataka wanafunzi waandike upya insha zilezile, akakuta makosa yamepungua. B alipima insha mpya mwishoni mwa muhula, hakuona tofauti. C aliwahoji wanafunzi, wakamwambia wakishaiona alama hawasomi maoni.

Kwa mwandishi, tunapata mihtasari mitatu sahihi na swali lisilojibiwa: tumwamini A au B? Kwa mada, sehemu inayohusu kilichopimwa inawakutanisha A na B, na hapo tunaona kwamba hawapingani. Mmoja alipima kusahihisha, mwingine alipima kujifunza. C anaingia hapohapo kama sababu inayoweza kueleza matokeo ya B. Pengo la utafiti nalo linajitokeza lenyewe: hakuna aliyewafuata wanafunzi walewale kutoka insha waliyoisahihisha hadi insha mpya. Kwa kazi nyingi za tasnifu, hiyo inatosha kunifanya nichague mada.

Ila vichwa vya mada peke yake havithibitishi kitu. Mara nyingi chini ya kichwa kizuri unakuta orodha ileile ya majina. Ili kujua, badilisha nafasi za aya mbili ndani ya sehemu moja. Kama hakuna kilichoharibika, hapakuwa na hoja iliyokuwa ikijengwa. Angalia pia kama kazi muhimu inarudi katika sehemu zaidi ya moja. Mwaka 2002 watafiti wa mifumo ya habari Jane Webster na Richard Watson walipendekeza jedwali linalosaidia hapa: kila kazi ina mstari wake, kila dhana ina safu yake. Andika ukishuka na safu ya dhana. Ukiandika ukifuata mstari, umerudi kwa mwandishi.

Mpangilio wa mwandishi una mahali pake: kazi zikiwa chache na kila moja imeandikwa kuijibu iliyotangulia, kama katika historia ya nadharia, kuzikatakata kwa mada kunaficha nani alimjibu nani. Na hata mada inapofaa, ina hasara yake. Kazi iliyogawanywa sehemu tatu humfanya msomaji asahau kwamba matokeo yote yalitoka kwa darasa moja dogo. Kwa hiyo kazi inapotajwa mara ya kwanza, itajwe pamoja na mbinu yake na idadi ya waliochunguzwa, hata kama sentensi itarefuka.