Noti tano, nyimbo tisa: kipande kimoja kinachozunguka albamu

Kipande cha melodia kitakachorudi katika albamu nzima kikiwa kirefu, hakirudi, kinajirudiarudia tu. Mimi huishia noti tano. Tuchukue hizi: so ya chini, do, re, mi, re. Kwenye ufunguo wa C ni G, C, D, E, D. Kutoka ya chini hadi ya juu ni nusu toni 9, kwa hiyo mwimbaji ataimudu hata ukihamisha ufunguo. Sikio hukitambua kwa mambo mawili: mruko wa so kwenda do, na kule kukatika kwenye re kabla ya kurudi nyumbani.

Katika albamu ya nyimbo 9, ningekiweka katika tano tu: wa 1, 3, 5, 7 na 9. Wimbo wa kwanza ni gitaa peke yake, mapigo 100 kwa dakika. So inatangulia pigo la kwanza, kodi ya C meja inabeba do, re na mi, halafu G meja inaingia na re ya mwisho.

Wimbo wa tatu ni wa huzuni, na hapa wengi hukimbilia kushusha mi. Subiri. Acha noti zote zilivyo, badilisha kodi (za gitaa, si za serikali): A maina mahali pa C, D maina mahali pa G. Do iliyokuwa mzizi wa kodi sasa ni noti ya tatu ya A maina, basi melodia ileile inasikika kama mtu anayekumbuka jambo. Punguza mwendo hadi 66, mpe mwimbaji.

Mi ya kushusha nusu toni ni akiba ya wimbo wa tano, wa hasira: besi inaicheza kwa mapigo 120, lakini urefu wa noti ukilingana vilevile na wa wimbo wa kwanza. Wa saba ni wa kucheza. Hapo noti zinarudi kamili, ila do inachelewa nusu pigo. Ukibadilisha noti na mdundo kwa pamoja, msikilizaji anasikia melodia mpya kabisa. Njia ya kujua: mwimbie mtu asiyeijua albamu kile kipande mara moja, mchezeshee wimbo, umwambie anyooshe mkono akikisikia. Asiponyoosha, rudisha kimojawapo.

Wa tisa, re inashuka hatimaye hadi do, juu ya C meja. Sasa, mharibifu wa hili mara nyingi ni mpiga kinanda au waitikiaji, ambao kwa mazoea humalizia do tangu wimbo wa tatu bila kuambiwa. Kabla ya kuchanganya sauti, sikiliza kila chombo peke yake mahali kipande kinapoishia, na uifute hiyo do popote uikutapo kabla ya wimbo wa tisa.