Tumbo linawaka baada ya kula? Weka hiyo diklofenaki chini

Daktari, nikishakula chembe ya moyo inawaka moto. Ni kiungulia au vidonda vya tumbo?

Nionyeshe kwa mkono. Anayeweka kiganja chini ya kifua akakipandisha hadi kooni, akasema anacheua maji makali hasa akiinama au akilala, mara nyingi ana kiungulia: asidi ya tumbo inapanda juu. Anayeweka kidole kimoja palepale kwenye chembe na kusema panamtafuna, huyo nafikiria vidonda. Kidonda cha tumboni kwenyewe huuma mara tu baada ya kula. Kile cha mwanzo wa utumbo mwembamba hutulia ukila, kisha hurudi baada ya saa mbili tatu, au kukuamsha usiku wa manane. Dalili hizi huchanganyika, kwa hiyo kidole chako ni mwanzo tu wa uchunguzi.

Mbona nikimeza diklofenaki tumbo linatulia?

Hapana, tafadhali. Hii ndiyo ninayoikuta kila wiki, hasa kwa vijana wanaobeba magunia ya dagaa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Mgongo unauma, wanameza diklofenaki asubuhi na jioni. Tumbo likianza kuwaka, wanaongeza nyingine.

Tumbo hujikinga na asidi yake kwa utando wa ute. Kemikali za mwili zinazolifanya litengeneze ute huo ni ndugu wa zile zinazoleta maumivu ya mgongo. Diklofenaki, brufeni na aspirini huzizima zote. Mgongo unapoa, tumbo linabaki uchi. Tena, kwa kuwa ni dawa ya maumivu, kidonda kinaweza kuendelea kuchimba huku wewe husikii kitu.

Mimi siku hizi nachomwa sindano, haipiti tumboni.

Inapita kwenye damu, na damu inafika tumboni. Nimechoka kulijibu hili, lakini nitalijibu tena: sindano ya diklofenaki nayo inachubua tumbo. Ukihitaji dawa ya mgongo, parasetamo ina usalama zaidi kwa tumbo. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza. Kama aspirini uliandikiwa kwa ajili ya moyo, usiiache mwenyewe, njoo tuzungumze.

Natafuna magnesiamu na maziwa kidogo. Haitoshi?

Inatuliza kwa saa moja au mbili, basi. Magnesiamu hupunguza makali ya asidi iliyokwisha kutoka. Maziwa yanapoza, kisha tumbo linatoa asidi nyingine. Ukijikuta unayatafuta kila siku kwa wiki mbili, njoo upimwe choo kuona kama kuna bakteria wa vidonda, helikobakta pailori. Kipimo cha damu hakinitoshi, kwa sababu kinaweza kuonyesha maambukizi yaliyokwisha pita. Kama unatumia omeprazo, dawa ya kupunguza asidi, sema kabla ya kupima. Inaweza kuficha bakteria, na kawaida huachwa wiki mbili kabla. Wakionekana, tunawatibu kwa antibayotiki pamoja na omeprazo, mara nyingi siku 14. Wengi huacha siku ya tano tumbo likitulia, kisha wananirudia na bakteria sugu.

Choo changu ni cheusi tangu juzi. Nisubiri kidogo?

Usisubiri hata kesho. Mbeba mizigo mmoja alisubiri siku nne. Choo kilikuwa cheusi kama lami, kinanata, kinanuka vibaya, naye akadai ni dagaa. Alipofika alikuwa akiinuka anaona giza, kope kwa ndani nyeupe, mapigo ya moyo 120 kwa dakika, damu imeshuka hadi gramu 5. Alikuwa amemeza diklofenaki miezi miwili. Tulimkimbiza hospitali, akaongezewa damu, kamera iliyopitishwa mdomoni hadi tumboni ikaonyesha kidonda kinachovuja.

Vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya choo kuwa cheusi, lakini kwa kawaida hakinati wala kunuka hivyo. Usijihukumie nyumbani, kilete. Na ukitapika damu, njoo usiku huohuo. Kwetu ziwani hata kichocho cha muda mrefu huleta hivyo. Maumivu ya ghafla na tumbo gumu kama ubao nayo ni ya kukimbilia hospitali, kidonda huenda kimetoboka.

Kama ni kiungulia tu, usiku wa leo nifanye nini?

Acha ugali na sangara wa kukaanga saa nne usiku kisha saa nne na nusu uko kitandani. Kula kidogo, mapema, yapite masaa matatu ndipo ulale. Weka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa, kiinuke kama sentimita 15. Mito miwili inakukunja tumbo tu. Lalia ubavu wa kushoto. Pombe na sigara ziache. Omeprazo ukipewa, meza nusu saa kabla ya kula, si baada ya moto kuwaka.