Ulibonyeza "Delete" ulipotaka kupumzika tu: namna ya kuirudisha akaunti ya Facebook kabla ya siku 30

Kazi yangu ni kuwasaidia watu waliofungiwa nje ya akaunti zao, na katika wale wanaokuja wakiwa wamekata tamaa kabisa, wapo ambao hawakuibiwa akaunti na yeyote. Wao wenyewe waliomba ifutwe, bila kukusudia. Mara nyingi walitaka kupumzika kidogo na kelele za mtandaoni, wakaingia kwenye mipangilio, wakafika mahali panapoitwa "Deactivation or deletion", wakakuta chaguo mbili zimepangwa moja chini ya nyingine, wakachagua ya pili. Ya kwanza huizima akaunti hadi mwenyewe atakaporudi, hata kama ni baada ya mwaka mzima. Ya pili ni ombi la kuifuta moja kwa moja, na humwachia mwenye akaunti siku 30 za kubadili mawazo.

Linalowachanganya watu ni kwamba katika siku hizo 30 machaguo hayo mawili yanafanana ukiyatazama kwa nje. Jina halipatikani kwenye utafutaji, picha hazionekani, na marafiki hawawezi kuufungua wasifu. Kwa hiyo mtu humwomba ndugu yake amtafute, ndugu huyo hakuti kitu, na hapo wote wawili huamini kwamba kila kitu kimeshapotea. Si kweli. Akaunti imefichwa, haijafutwa bado, na kutoonekana kwake hakukuambii lolote kuhusu hali yake. Njia ya kuaminika ya kujua ni kujaribu kuingia kwa namba au barua pepe ileile na nywila ileile. Ikiwa muda haujaisha, utakutana na ukurasa unaokueleza kwamba akaunti imepangiwa kufutwa, na juu yake kuna kitufe kilichoandikwa "Cancel Deletion".

Kitufe hicho ndicho chenye kazi yote. Nimewaona watu walioingia hadi ukurasa huo, wakasoma maneno ya kufutwa, wakaogopa na kufunga simu wakidhani kwamba kule kuingia kumetosha. Hakutoshi: ombi la kufuta huendelea kuwapo mpaka ulibatilishe kwa kubonyeza. Instagram nayo ina siku 30, na huko pia, baada ya kuingia, unatakiwa kuchagua kwamba unataka kubaki na akaunti yako. Ukishabonyeza, usiiache simu mpaka uone ukurasa wako wa kawaida umefunguka.

Nitaeleza kisa kimoja kwa tarehe zake, kwa sababu ugumu wenyewe mara nyingi hauko kwenye kitufe bali katika safari ya kukifikia. Mama mmoja anayeuza vitenge aliomba akaunti yake ifutwe tarehe 3 Machi, akidhani anaizima kwa muda wa msiba wa nyumbani kwao. Alikuja kwangu tarehe 28 Machi. Akaniambia, "Kaka, hii imeshafutika, hata mwanangu ameitafuta haipo." Nilimwomba tuhesabu siku kwanza. Kuanzia tarehe 3 Machi, siku 30 zinafika tarehe 2 Aprili, kwa hiyo tulikuwa na siku 5 mkononi. Zingetosha sana kama angekuwa anaikumbuka nywila yake, lakini hakuikumbuka, na laini ya simu iliyosajiliwa kwenye akaunti ilikuwa imepotea pamoja na simu ya zamani. Barua pepe hakuwahi kuiweka.

Hapo watu wengi hufanya kosa la kufungua akaunti mpya kwa jina lilelile na kuanza kuwaomba marafiki upya, huku siku za akaunti ya zamani zikiendelea kuhesabika. Akaunti mpya haiwezi kuibatilisha amri iliyotolewa ndani ya akaunti nyingine. Sisi tuliacha mambo ya Facebook kwa siku nzima, tukashughulikia laini. Tarehe 29 alikwenda kwenye duka la kampuni yake ya simu akiwa na kitambulisho cha taifa, akahakikiwa kwa alama za vidole, akarudishiwa namba yake ileile kwenye laini mpya. Asubuhi ya tarehe 30 tuliandika namba hiyo kwenye ukurasa wa kuingia, tukachagua njia ya aliyesahau nywila, namba za uthibitisho zikaja kwa ujumbe mfupi, akaweka nywila mpya, na ukurasa wenye "Cancel Deletion" ukafunguka. Akabonyeza mwenyewe. Mimi huwa sishiki simu ya mtu wakati huo, na namba za uthibitisho siombi nisomewe. Anayekuomba umtumie namba hizo ili "akurudishie akaunti" anaweza kuitumia nafasi hiyo kuichukua, na siku 30 hizi ni msimu mzuri kwa matapeli, kwa sababu mwenye akaunti ana haraka na hofu.

Kilichokuwa hatarini kwa mama huyu hakikuwa picha zake tu. Alikuwa na ukurasa wa biashara, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa na mamlaka kamili juu yake. Ukurasa wa namna hiyo hufutwa pamoja na akaunti ya mwenyewe, kwa kuwa habaki mtu mwingine wa kuusimamia. Pia, kama umezoea kuingia kwenye programu nyingine kwa kutumia akaunti ya Facebook, huenda ukashindwa kuzifungua baada ya akaunti hiyo kufutwa. Kwa sababu hiyo, baada ya kubatilisha ombi, tulipitia vitu hivyo kimoja kimoja: wasifu, ukurasa wa vitenge, kisha mazungumzo ya wateja kwenye Messenger.

Siku 30 zikipita, mlango hufungwa. Facebook inaeleza kwamba kuondoa vitu vyote ulivyoviweka kunaweza kuchukua hadi siku 90 tangu mchakato wa kufuta ulipoanza, na baadhi ya watu huisoma namba hiyo kama muda wa nyongeza. Sivyo. Hizo ni siku za kampuni kusafisha hifadhi zake, na wewe huna tena njia ya kuingia. Vilevile usiichukue kanuni hii na kuipeleka WhatsApp, ingawa kampuni mama ni moja. Ukiifuta akaunti ya WhatsApp kwa kutumia mipangilio yake, hakuna muda wa kusubiri: unatolewa kwenye makundi yote, historia ya mazungumzo inaondoka, na ukijisajili tena kwa namba ileile unaanza upya.

Jambo moja zaidi linahitaji uangalifu. Ikiwa una hakika kwamba wewe hukuomba akaunti ifutwe, lakini umekuta ukurasa wa kubatilisha, basi kuna mtu mwingine aliyeingia humo. Batilisha kwanza, kisha hapohapo badilisha nywila na uviondoe vifaa vyote usivyovitambua katika orodha ya mahali akaunti ilipofunguliwa, la sivyo aliyeomba mara ya kwanza ataomba tena usiku uleule. Na ukipokea barua pepe inayodai kwamba akaunti yako inafutwa na kukutaka ubonyeze kiungo, usikibonyeze. Fungua programu yenyewe, uingie kama kawaida. Ikiwa ombi lipo kweli, utalikuta humo.

Yule mama, kabla ya kuondoka, aliongeza barua pepe kwenye akaunti na kumpa binti yake mamlaka kamili ya ukurasa wa vitenge. Kisha akaniuliza ile ya kupumzika tu iko wapi, nikamwonyesha chaguo la kwanza, lile la juu.