Muhtasari wa somo la picha ni nini? Mfano wa korosho za ushirika, Malindi

Muhtasari wa somo la picha ni karatasi anayoshika mfunzaji mkononi. Maneno yote hukaa humo, ili slaidi ibaki na picha moja na, ikilazimu, neno moja au tarakimu. Huwa na safu tatu: picha itakayoonyeshwa, swali watakaloulizwa wakulima wakiitazama, na jambo ambalo mfunzaji hana budi kulisema kabla ya kusonga mbele. Huandikwa kabla ya picha kupigwa, kwa sababu ndio unaomwelekeza mpiga picha. Anayeanza na picha zilizomo tayari kwenye simu huishia na mikanju mizuri isiyofundisha kitu.

Tuseme ushirika wa wakulima wa korosho Malindi unataka somo la dakika 40 kuhusu kukausha. Picha sita zinatosha. Kila moja ipewe wastani wa dakika tano, na dakika kumi zinazobaki ziachiwe maswali. Picha ya kwanza iwe ya hasara: korosho mbili zilizopasuliwa katikati, moja ina kiini cheupe kilichojaa, nyingine kiini kimesinyaa na kuota ukungu. Haina neno lolote. Swali lake: “Gunia lenye hizi za pili, mnunuzi atalifanya nini?” Wakulima wakijibu wenyewe, tayari wamejua wamekuja kutafuta nini.

Picha ya pili ni bibo likiwa mkononi na korosho inasokotwa itoke. Linalosemwa: nyama ya bibo ikibaki imeganda kwenye korosho, huvuta unyevu na ukungu huanzia hapo. Ya tatu ni turubai juani, korosho zimetandazwa tabaka moja, na mkono unazigeuza. Hapa ndipo maandishi yanafaa: “Siku 2–3”. Sababu ya kugeuza, na kwamba jioni zifunikwe zisipate umande, vinasemwa kwa mdomo. Ya nne ni ukucha ukikandamiza ganda, na inastahili muda mrefu kuliko nyingine, kwani wengi hawana kipima unyevu. Korosho iliyokauka, ukucha hauachi alama kwenye ganda lake, na ukiitikisa unasikia kiini kikigonga ndani. Kwa kipimo hiyo ni kama asilimia 8 hadi 9 ya unyevu, lakini tarakimu hiyo ibaki kwenye karatasi ya mfunzaji. Mezani kuwe na korosho kavu na mbichi, kila mtu ajaribu kwa ukucha wake. Ya tano ni magunia ya katani juu ya mbao, mbali na ukuta. Ya sita inarudia kiini cheupe, safari hii kikiwa peke yake.

Mistari ya muhtasari iwe mifupi kiasi hiki:

Picha 4: ukucha na ganda, karibu.
Swali: “Hii iingie guniani leo?”
Lazima niseme: alama ikionekana, irudi juani.

Makosa hutokea zaidi kwenye picha zenyewe. Kiini kilichokuzwa kikajaza ukuta mzima hakitambuliki, na ukungu wake huweza kudhaniwa unga. Dawa ni kuacha kidole kionekane kando yake, ili mtazamaji ajue ukubwa. Kosa lingine ni kupanga hatua tatu kwenye slaidi moja kwa mishale. Pwani wako waliojifunza kusoma kwanza kwenye chuo cha Kurani, kwa herufi za Kiarabu, na jicho lao huweza kuanzia kulia, hivyo wakaona korosho zikitiwa guniani kwanza halafu zikianikwa. Hatua moja, slaidi moja. Na alama ya mkasi juu ya picha ya kosa isitegemewe sana, maana mtu huweza kukumbuka picha akasahau alama.

Namna ya kugundua hayo mapema ni kumwonyesha kila picha mkulima ambaye hakushiriki kuiandaa, bila kumweleza lolote, na kumuuliza, “Unaona nini?” Jibu likienda kombo, ibadilishwe picha, yasiongezwe maelezo chini yake. Wajaribu watatu au wanne wanatosha kuonyesha picha iliyo dhaifu.

Maneno machache yanayobaki yaonekane. Kwa anayekaa mita 10 kutoka kwenye skrini, herufi iwe na urefu wa sentimita 5 hivi ukutani. Banda la makuti lililo wazi pande zote mchana hufifisha projekta, na ukungu ndio unaopotea kwanza. Hapo ni heri picha zilezile zichapwe kwenye bango la turubai, kila moja upana wa mita moja, zifunuliwe moja baada ya nyingine. Muhtasari haubadiliki hata kidogo, na umeme ukikatika somo linaendelea.

Picha hizi zipigwe wakati wa kaskazi, korosho zikiwa zinaokotwa, hata kama somo litafanyika miezi mingi baadaye. Anayepasua korosho mbichi kwa ajili ya kamera avae glavu, kwani mafuta ya ganda huunguza ngozi.