Je, wajua? Chembe usiyoiona ndiyo inayoipanua fremu ya picha

"Nauza viatu Gikomba. Nimeondoa mandharinyuma ya picha ya raba, nikabonyeza Trim, lakini bado imebaki nafasi tupu pembeni na raba haikai katikati ya bango. Kwa nini?"

Kompyuta haijui raba ni nini. Katika faili ya PNG ya kawaida, kila pikseli ina namba ya alfa inayoeleza inavyoonekana: 0 haionekani kabisa, 255 imekolea. Trim hukata kutoka kila upande mpaka ikutane na pikseli ya kwanza ambayo si 0, basi inasimama hapo. Kifutio chenye kingo laini huacha pikseli za alfa 2 au 3. Hiyo ni kama asilimia moja tu ya kuonekana, kwa hiyo jicho haliioni, ila programu inaihesabu.

Tuseme turubai ni 2000 kwa 2000, na raba imeanzia 310 hadi 1510 kwa upana, 820 hadi 1460 kwa urefu. Fremu sahihi ni 1200 kwa 640. Sasa weka chembe moja ya alfa 2 kule juu kulia, kwenye 1985, 12. Fremu inakuwa 1676 kwa 1448. Ukiiweka katikati ya bango, raba yenyewe inakaa pikseli 238 kushoto na 404 chini. Programu imeweka fremu katikati barabara; fremu ndiyo isiyolingana na raba.

Kuihakikisha ni rahisi: tia leya ya rangi nyeusi chini ya picha, kisha nakili leya ya raba mara nyingi juu yake yenyewe. Uchafu hujikusanya na kuanza kuonekana. Ufute kwa kifutio chenye kingo kali, halafu rudia Trim ukiwa umechagua Transparent Pixels.

Kama picha ni nyingi, Pillow ya Python hufanya kazi hiyo vizuri:

```python
from PIL import Image
im = Image.open("raba.png").convert("RGBA")
a = im.getchannel("A")
box = a.point(lambda v: 255 if v > 8 else 0).getbbox()
im.crop(box).save("raba_safi.png")
```

Hapa kiwango cha 8 kinatumika kutafuta mipaka tu. Kinachokatwa ni picha ya asili, kwa hiyo ulaini wa kingo za raba unabaki ulivyokuwa. Mimi sipendi kupandisha kiwango hicho ovyo. Ukikifikisha 60, kamba nyembamba za raba huanza kukatwa ncha, na kivuli laini chini ya soli huishia kwa mstari ulionyooka, kitu ambacho mteja hukiona mara moja kwenye bango jeupe. Kwa upande mwingine, chembe yenye alfa 30 itapita chujio la 8 bila shida, na hiyo haina budi kufutwa kwa mkono.